Kugeuza hesabu za kampuni tanzu ya Dar kuwa shilingi za Kenya, na kuithibitisha akiba ya tafsiri

Kampuni mama iko Nairobi na huandika vitabu kwa shilingi ya Kenya. Kampuni tanzu iko Dar es Salaam, nayo huuza, hulipa mishahara na kukopa kwa shilingi ya Tanzania. Mwaka ukiisha, Nairobi inataka hesabu jumuishi za kundi zima kwa sarafu moja. Kugawa tarakimu za Dar kwa kiwango cha kubadilisha fedha hakuchukui hata nusu saa. Shughuli ipo kwenye tofauti inayobaki mizania inapokataa kulingana, ile inayoitwa akiba ya tafsiri ya sarafu.

Wahasibu wengi huipata kwa kutoa tu: mali kutoa madeni, kutoa mtaji, kutoa faida limbikizi, kilichobaki ndiyo akiba. Jibu linaweza kuwa sahihi, lakini njia hiyo inaigeuza akiba kuwa kapu. Kila kosa ulilofanya juu yake linatumbukia humo na mizania inalingana vizuri kabisa. Kwa hiyo tutaitafuta mara mbili kwa njia mbili tofauti, kwa mfano wa miaka miwili. Tarakimu zote ni za mfano, nami nimezichagua zigawanyike bila usumbufu.

Kwanza: hakikisha sarafu ya utendaji ni ipi

Kanuni ya IAS 21 haiulizi kampuni imesajiliwa wapi wala vitabu vyake vimeandikwa kwa sarafu gani. Inauliza bei za mauzo zinaamuliwa na sarafu ipi, na gharama kubwa za kazi na malighafi zinalipwa kwa sarafu ipi. Hiyo ndiyo sarafu ya utendaji. Shilingi ya Kenya, ambayo kundi linaitumia kuonyesha hesabu, ni sarafu ya uwasilishaji.

Kiwanda cha sabuni Mbagala kinachouza kwa maduka ya jumla hakina utata: ni shilingi ya Tanzania. Kampuni ya safari za watalii Arusha inayopanga bei kwa dola na kulipa mafuta, magari na vibali kwa bei zinazofuata dola, hiyo kaa nayo chini uijadili. Ikionekana sarafu yake ya utendaji ni dola, vitabu vya shilingi lazima kwanza virudishwe kwenye dola, na tofauti za hatua hiyo huingia kwenye faida na hasara. Baada ya hapo ndipo unageuza dola kuwa shilingi ya Kenya kwa utaratibu tutakaoufuata hapa. Ukiruka hatua hiyo, tofauti iliyostahili kuonekana kwenye faida itajificha kwenye akiba.

Jambo hili halifungwi mara moja kwa maisha. Mwaka 2025 Tanzania ilitoa kanuni za kuzuia bei na malipo ya fedha za kigeni kwa biashara za ndani. Kampuni iliyokuwa ikipangisha ofisi kwa dola na sasa inatoza shilingi inabidi ijiulize upya. Ikiwa sarafu ya utendaji imebadilika kweli, mabadiliko huanzia siku hiyo kwenda mbele. Hesabu za nyuma hazifukuliwi.

Pili: kusanya viwango, na angalia vinasomwa upande gani

Kwa kila mwaka unahitaji kiwango cha siku ya kufunga hesabu, kiwango cha wastani cha mwaka, na viwango vya siku mahususi: siku mtaji ulipoingizwa na siku gawio lilipotangazwa. Chagua chanzo kimoja, kwa kawaida viwango vya kati vya benki kuu, na usikihame kila mwaka kwa kutafuta kinachokufurahisha.

Sasa tahadhari ya kijinga ambayo imewahi kunilaza ofisini. Kwenye jedwali la Benki Kuu ya Kenya, dola huonyeshwa kwa shilingi ngapi za Kenya, lakini shilingi ya Tanzania na ya Uganda husomwa kinyume, yaani shilingi moja ya Kenya ni shilingi ngapi za Tanzania. Kwa hiyo dola unazidisha, na ya Tanzania unagawa. Andika juu ya karatasi yako ya kazi kwa herufi kubwa: TZS KWA KES 1, GAWA.

Viwango vya mfano wetu, shilingi za Tanzania kwa shilingi moja ya Kenya:

| | Mwaka wa 1 | Mwaka wa 2 |
|---|---|---|
| Kufungua | 16 | 20 |
| Wastani | 18 | 19 |
| Siku ya gawio | – | 20 |
| Kufunga | 20 | 18 |

Mwaka wa kwanza shilingi ya Tanzania imedhoofika mbele ya ya Kenya, mwaka wa pili imepata nafuu kidogo.

Wastani nao una mipaka. Unafaa pale mauzo yanapotiririka sawasawa na kiwango hakirukiruki. Kama biashara ni ya msimu, tuseme korosho ambazo mauzo yake yote yako miezi mitatu ya mwisho, wastani wa mwaka mzima utakudanganya. Chukua wastani wa kila mwezi na ugeuze hesabu mwezi kwa mwezi. Binafsi nafanya hivyo hata kwa biashara zisizo za msimu, kwa kuwa taarifa za mwezi zipo tayari.

Tatu: geuza mapato na matumizi, kisha mizania

Kampuni mama ilianzisha kampuni tanzu siku ya kwanza ya mwaka wa 1 kwa mtaji wa shilingi za Tanzania milioni 1,600. Kwa kiwango cha 16, mtaji huo ni shilingi za Kenya milioni 100, na ndicho kiasi kilichoandikwa Nairobi kama uwekezaji.

Mauzo ya mwaka yalikuwa milioni 3,600, gharama zote pamoja na kodi milioni 3,240, faida milioni 360. Ukigawa kwa wastani wa 18 unapata mauzo milioni 200, gharama milioni 180 na faida milioni 20 za Kenya.

Mizania inagawanywa kwa kiwango cha kufunga, yaani 20. Mali zote na madeni yote, bila kuchagua. Mitambo iliyonunuliwa mwezi wa kwanza, kiwango kikiwa 16, nayo inagawanywa kwa 20. Wengi husita hapa kwa sababu wamezoea kwamba mali ya kudumu hubaki kwenye kiwango cha siku ya kununua. Kanuni hiyo ni ya kampuni inayonunua kitu kwa sarafu isiyo yake. Hapa tunageuza hesabu nzima ya kampuni yenye sarafu yake.

| Milioni | TZS | KES |
|---|---|---|
| Mitambo | 900 | 45 |
| Bidhaa ghalani | 500 | 25 |
| Wadaiwa | 640 | 32 |
| Fedha benki | 220 | 11 |
| Madeni | (300) | (15) |
| Mali halisi | 1,960 | 98 |

Upande wa wenye mali ndiko viwango vinapotofautiana. Mtaji unabaki milioni 100, kwa kiwango cha siku ulipoingia, na haubadilishwi tena miaka yote kampuni ikiwa mikononi mwenu. Faida ya mwaka ni milioni 20. Jumla milioni 120. Lakini mali halisi ni milioni 98. Pungufu la milioni 22 ndilo akiba ya tafsiri, upande wa hasi.

Kiasi hicho hakipiti kwenye faida na hasara. Kinaonyeshwa chini ya faida ya mwaka, kwenye mapato mengine ambayo hayajaingia kwenye faida, halafu kinalimbikizwa kwenye mstari wake ndani ya mtaji wa wenye hisa.

Nne: itafute akiba kwa njia ya pili

Hapa ndipo pa kukaa. Sahau mizania kwa dakika moja na ujiulize: ni nini hasa kilichosababisha tofauti? Ni mambo mawili tu.

La kwanza, mali halisi ulizoanza nazo. Zilikuwa milioni 1,600, zenye thamani ya milioni 100 za Kenya kwa kiwango cha 16. Mwisho wa mwaka, kwa 20, milioni 1,600 hizo hizo ni milioni 80. Umepoteza milioni 20 bila kugusa kitu.

La pili, faida ya mwaka. Umeiandika kwa wastani kuwa milioni 20, lakini mali iliyotokana nayo imo kwenye mizania kwa kiwango cha kufunga: 360 gawa kwa 20 ni milioni 18. Umepoteza milioni 2.

Ishirini jumlisha mbili ni ishirini na mbili, sawa na tuliyoipata kwa kutoa. Kwenye karatasi ya kazi naiweka hivi:

```
Tofauti ya mwaka =
  MaliHalisiMwanzo × (1/Kufunga − 1/Kufungua)
+ Faida            × (1/Kufunga − 1/Wastani)
− Gawio            × (1/Kufunga − 1/SikuYaGawio)
```

Mstari wa gawio mwaka wa kwanza ni sifuri, basi tuusubiri mwaka wa pili.

Tano: mwaka wa pili, ambapo makosa huzaliwa

Mwaka wa kwanza mtu hukosea kwa nadra kwa kuwa hakuna historia. Mwaka wa pili Dar ilipata faida ya milioni 380, ikatangaza na kulipa gawio la milioni 180 mwezi wa nne, kiwango kikiwa 20. Mali halisi za kufunga ni 1,960 jumlisha 380 toa 180, yaani milioni 2,160. Gawa kwa 18: milioni 120 za Kenya.

Mtaji bado ni 100. Faida limbikizi ya mwanzo ni 20, nayo unaichukua kutoka hesabu za mwaka jana zilizosainiwa, huigeuzi upya. Faida ya mwaka, 380 gawa kwa 19, ni 20. Gawio, 180 gawa kwa 20, ni 9. Jumla 100 + 20 + 20 − 9 = 131. Mali halisi ni 120, kwa hiyo akiba mwishoni ni hasi milioni 11. Ilianza hasi 22, basi mwaka huu imeongezeka kwa milioni 11.

Thibitisha. Mali halisi za mwanzo, 1,960: kwa 20 zilikuwa 98, kwa 18 ni 108.9, faida ya 10.9. Faida ya mwaka, 380: kwa 19 ni 20, kwa 18 ni 21.1, nyongeza ya 1.1. Gawio, 180: kwa 20 ni 9, kwa 18 lingekuwa 10. Fedha hiyo iliondoka kabla shilingi ya Tanzania haijapata nafuu, kwa hiyo unatoa 1. Jumla 11.

Sasa tuseme mhasibu amegeuza gawio kwa kiwango cha kufunga. Ataandika 10 badala ya 9, na akiba kwa njia ya kutoa itakuwa hasi 10. Mizania italingana. Ila uthibitisho utasema tofauti ya mwaka ni 11 wakati kitabu kinasema 12, na Nairobi wameandika gawio walilopokea kuwa milioni 9 (naweka kando kodi ya zuio), hivyo mapato ya gawio na malipo ya gawio hayatafutana. Dalili mbili kwa kosa moja.

Kosa la kugeuza mtaji upya kila mwaka ni kubwa zaidi. 1,600 gawa kwa 18 ni 88.9, na uwekezaji Nairobi ni 100. Ukiufuta mmoja dhidi ya mwingine kunabaki milioni 11.1 zinazoelea. Mahali fulani nilipofanya kazi, kiasi cha namna hiyo kiliitwa gudwili kwa miaka mitatu, kwa kampuni ambayo kundi lenyewe liliianzisha na halikuinunua kwa mtu. Hakuna aliyeuliza, kwa kuwa mizania ilikuwa inalingana.

Kugeuza faida limbikizi upya ni kosa lililo gumu kulinasa. Tazama mfano wetu: 360 gawa kwa 18 ni 20, jibu lile lile la mwaka jana, kwa sababu tu kiwango cha kufunga mwaka wa 2 kimeangukia kwenye wastani wa mwaka wa 1. Kosa lipo, tarakimu haisemi. Ndiyo maana faida limbikizi haikokotolewi kwa kigawanyo. Inajengwa mwaka juu ya mwaka: ya mwanzo, jumlisha faida, toa gawio.

Mkopo wa ndani ya kundi

Tofauti moja haiishii kwenye akiba hata ukitamani. Tuseme siku ya kwanza ya mwaka wa 1 Nairobi iliikopesha kampuni tanzu milioni 10 kwa shilingi ya Kenya. Dar iliandika deni la milioni 160. Mwisho wa mwaka deni hilo ni milioni 200, na Dar imeandika hasara ya milioni 40 kwenye faida na hasara. Ukigeuza, deni la 200 gawa kwa 20 ni milioni 10, linafutana na mkopo wa Nairobi sawia. Wengi huona vimefutana, nao huifuta na ile hasara.

Hasara haifutiki. Ni ya kweli: Dar inahitaji shilingi nyingi zaidi za Tanzania kulipa deni lile lile. Inabaki kwenye faida na hasara ya kundi. Ila kama ulipaji wa mkopo haujapangwa na hautarajiwi kwa siku za usoni, mkopo huo unahesabiwa kuwa sehemu ya uwekezaji halisi wa kampuni mama, na katika hesabu jumuishi hasara inahamishwa kwenda akiba ya tafsiri. Ushahidi uwepo wakati mkopo unatolewa. Nimeona barua ya bodi ya kwamba mkopo hautalipwa ikiandikwa mwezi wa pili, hasara ya mwaka uliopita ikiwa imeshajulikana, na mkaguzi akairudisha. Wadaiwa wa biashara, yaani bidhaa ulizouziana, hawawezi kupewa nafasi hii kamwe.

Kama kampuni ilinunuliwa, au si yenu yote

Gudwili iliyotokana na kununua kampuni tanzu ni mali ya kampuni tanzu, kwa hiyo nayo hugeuzwa kwa kiwango cha kufunga kila mwaka. Gudwili ya milioni 160 za Tanzania ilikuwa milioni 10 za Kenya siku ya kununua. Kwa kiwango cha 20 ni milioni 8, na ile 2 inaingia kwenye akiba. Ukiiacha ikae kwenye milioni 10 kwa kuwa iko kwenye vitabu vya Nairobi, umekosea, na uthibitisho wa hatua ya nne hautakuonya kama gudwili haimo katika mali halisi unazoanza nazo. Iingize.

Kama kundi lina asilimia 80, akiba inagawanywa pia. Katika hasi 22 ya mwaka wa 1, milioni 17.6 ni za kampuni mama na 4.4 zinaenda kwenye hisa za wanahisa wachache, wala hazionekani kwenye mstari wa akiba.

Kwa nchi yenye mfumuko mkali wa bei utaratibu wote huu hubadilika. Benki za Kenya zilizofungua Juba zimewahi kukutana na hilo. Hapo hesabu hurekebishwa kwanza kwa faharasa ya bei, kisha kila kitu, hata mapato, hugeuzwa kwa kiwango cha kufunga.

Siku ya kuuza

Mwisho wa mwaka wa 2 mnunuzi anatoa shilingi za Kenya milioni 125 kwa kampuni yote ya Dar. Mali halisi ni 120. Mkurugenzi anafurahia faida ya milioni 5. Lakini kudhibiti kampuni kukiisha, akiba iliyolimbikizwa hutolewa kwenye mtaji na kupitishwa kwenye faida na hasara ya mwaka huo. Akiba ni hasi 11. Matokeo ya mauzo ni 5 kutoa 11, hasara ya milioni 6.

Atauliza hiyo 11 imetoka wapi. Mwonyeshe kwa fedha taslimu: uliweka 100, ukapokea gawio la 9 na bei ya 125, jumla 134, ziada ya 34. Hesabu za kundi zilishajitangazia faida ya 20 mara mbili, jumla 40. Hiyo hasara ya 6 ndiyo inayoirudisha 40 kuwa 34.

Gawio peke yake, au kushusha thamani ya uwekezaji, si uuzaji, na havitoi chochote kwenye akiba. Ukiuza asilimia 20 na kubaki na udhibiti, sehemu ya akiba inahamia kwa wanahisa wachache, moja kwa moja ndani ya mtaji, bila kugusa faida.